Yah: Kufuatilia Kibali cha Ujenzi, Kiwanja Na. 214, Kitalu C

Ndugu Afisa Mipangomiji,

Tarehe 3 Machi niliwasilisha maombi ya kibali cha nyumba ya kuishi, pamoja na michoro, nakala ya hati na risiti ya ada. Leo ni 9 Juni, sijapata jibu la maandishi. Mara mbili nimeambiwa dirishani kuwa faili liko kwa mhandisi; mara ya tatu, kwamba halionekani.

Naomba kujua liko meza ipi. Kama mchoro una kasoro, niandikiwe ili msanifu wangu aurekebishe. Nondo zinaota kutu, lakini sitachimba msingi bila kibali.

Nitafika Alhamisi saa tatu asubuhi na nakala zote.

Wako,
Mwombaji