Mpango wa Kozi Fupi: Kufundisha Kiswahili S1 na S2, West Nile

Kozi ni ya wiki 6, muhula wa pili, kuanzia wiki ya pili ili walimu wawe wamemaliza kabla ya pilikapilika za mitihani. Washiriki ni walimu 48 kutoka Koboko, Yumbe, Moyo na Adjumani. Wengi wao walisomea masomo mengine. Mtaala mpya wa 2020 ulipoweka Kiswahili kati ya masomo ya lazima S1 na S2, mwalimu mkuu aliangalia nani anakijua kidogo, akampa vipindi.

Kozi yetu iliyopita ilikuwa ya mikutano ya video kila Jumatano usiku. Ilikufa wiki ya tatu. Kosa halikuwa la walimu: tulipanga kana kwamba wote wanakaa Kampala. Safari hii kanuni ni moja. Mwalimu aunganishe simu mara moja kwa wiki, siku ya soko anapofika mjini, na asiyeunganisha kabisa bado aweze kufaulu.

Kifurushi cha wiki

Kila wiki ina faili tatu: PDF ya kurasa nne, nyeusi na nyeupe, na sauti mbili za dakika 8. Jumla isizidi MB 5, maana yake kozi nzima haizidi MB 30. Video ya dakika tatu peke yake ingeweza kula zaidi ya MB 11, kwa hiyo video hakuna, hata ya kumkaribisha mshiriki. Anayetaka kuona sura zetu atatuona siku ya ufunguzi.

Sauti zirekodiwe kwa chaneli moja, ziwe MP3, kwa sababu hata katochi yenye nafasi ya memori kadi huipiga:

```
ffmpeg -i W3-sauti1.wav -ac 1 -b:a 32k W3-sauti1.mp3
```

Msizifunge faili katika zip. Simu nyingi za bei nafuu hazina programu ya kuifungua, na mwalimu hugundua hilo akiwa ameshafika kijijini. Faili zitawekwa Moodle, ambako programu ya simu inaruhusu kupakua somo na kujibu maswali nje ya mtandao tukiwasha mpangilio huo. Nakala zitatumwa pia kwenye kundi la WhatsApp. Facebook tuiache, maana tangu Januari 2021 haifunguki nchini bila VPN. Kila wilaya itakuwa na mwalimu mmoja mwenye memori kadi ya kozi nzima, wenzake wakanakili kwake.

Mfuatano

Wiki ya 1 ni matamshi na salamu, ya 2 msamiati wa darasani. Wiki ya 3 na ya 4 zote ni ngeli, na sitaki yeyote azipunguze. Ya 5 ni kusoma na kusikiliza, ya 6 ni kutunga kazi za upimaji.

Ngeli zimepewa wiki mbili kwa sababu ndizo zinazowaaibisha walimu mbele ya watoto. Koboko utasikia "kitabu yangu imepotea" sokoni na hata kwenye chumba cha walimu. Swali la jaribio la wiki ya 3 linaanzia hapo hapo:

*Mwanafunzi ameandika: "Kitabu yangu imepotea." Utaanza na hatua gani?*
*A. Kuandika sentensi sahihi ubaoni aige mara kumi.*
*B. Kumpa "kitabu changu" na "vitabu vyangu" aseme nini kimebadilika.*
*C. Kumwambia Kiswahili cha kwao si Kiswahili.*

Jibu ni B. Sauti ya pili ieleze kwa upole kwa nini C inamnyamazisha mtoto muhula mzima.

Upimaji

Majaribio matano ya maswali 10, wiki ya 1 hadi ya 5, yana alama 40. Asiye na mtandao hutuma SMS moja: namba ya wiki, namba yake ya ushiriki, kisha herufi kumi.

```
W3 017 BACCABCABC
```

Alama 60 ni za kazi ya darasani: andalio moja la somo, sampuli tatu za madaftari ya wanafunzi zilizosahihishwa, na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu alichobadilisha baada ya kusahihisha. Nimeipa uzito huu kwa sababu herufi za SMS huazimana. Madaftari ya S1 yenye wino wa mwalimu ni vigumu kuyaazima. Pia katika UCE tathmini endelevu ina asilimia 20, kwa hiyo mwalimu anafanya mazoezi ya kazi yake mwenyewe.

Picha za madaftari zisionyeshe jina wala uso wa mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatuhusu. Asiyeweza kutuma picha ampe karatasi mwalimu wa memori kadi, nasi tutazikusanya mwisho wa wiki ya 4 na ya 6. Kufaulu ni alama 60. Anayepata 50 hadi 59 anarudia kazi ya darasani tu, ndani ya wiki mbili.

Maandishi ya wiki ya 1 na ya 2 yanifikie Ijumaa. Kabla ya kuyatuma, yafungueni kwenye simu ya Android ya zamani mkiwa mmezima data. Kisichofunguka kinarudi kwa aliyekiandika.