Lalamiko kuhusu friza mbovu: barua ya nne

Langoni, Lamu
17 Machi 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Mombasa

Bwana au Bibi,

KUH: FRIZA YA LITA 200, RISITI NAMBARI 04417

Nilinunua friza hii dukani kwenu tarehe 4 Februari 2025 kwa shilingi 38,500, pesa taslimu, na nikapewa waranti ya mwaka mmoja. Kuifikisha nyumbani kulinigharimu shilingi 2,600 zaidi: basi hadi Mokowe, boti ya kuvuka hadi Amu, kisha hamali na mkokoteni, kwa kuwa kwenye vichochoro vyetu gari halipiti. Ilisafiri wima. Niliiacha usiku kucha kabla ya kuiwasha, kama muuzaji wenu alivyoniagiza.

Kwa wiki mbili sikuwa na neno nayo. Asubuhi ya tarehe 20 Februari nikafungua mfuniko nikakuta barafu zangu za ukwaju zimekuwa maji, na samaki changu kilo 11 niliyowekewa na mvuvi imeanza kulegea. Tangu siku hiyo mashine ya nyuma inafanya hivi: inalia "ta!", inanguruma kama sekunde nane, inanyamaza. Baada ya dakika chache inajaribu tena. Taa ya mbele inawaka wakati wote, kwa hiyo ukiitazama tu utasema ni nzima.

Najua swali la kwanza litakuwa stima ya Lamu. Fundi wa mtaani alipima soketi akapata volti 232. Friji ya dada yangu imechomekwa soketi iyo hiyo na inagandisha maji mpaka leo. Friza yenu yenyewe haikuwahi kuchomekwa bila kile kifaa cha kuikinga stima inaporudi kwa kishindo, ambacho pia nilikinunua kwenu. Fundi anashuku kompresa au kiwashio chake, lakini nilimkataza kufungua kwa sababu ya kibandiko cha waranti. Msije mkaniambia nimeichokora.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 20 Februari niliwaandikia kwa WhatsApp, pamoja na video ya mlio huo na picha ya risiti. Tiki mbili zikageuka buluu kabla ya adhuhuri. Kimya. Tarehe 25 nikatuma barua pepe kwenye anwani iliyochapishwa kwenye kadi ya waranti. Kimya. Tarehe 5 Machi, Ramadhani imeshaingia na wateja wananiuliza sharubati baridi ya kufuturu, nikawaandikia tena kwa WhatsApp. Tiki za buluu, kimya. Siku mbili baadaye simu ikalia, nikaona ni nambari yenu, nikafurahi. Lilikuwa tangazo: "Ofa ya Ramadhani, friza kwa bei nafuu."

Kabla sijanunua, nambari hiyo hiyo ilinijibu ndani ya dakika nne, tena usiku. Basi siwezi kuamini kwamba hamna mtu wa kushika simu. Friza kuharibika ningestahimili, chombo chochote huharibika. Kusomwa na kupuuzwa ndiko kunakoniudhi.

Kadi yenu inasema fundi wa kampuni atafika ndani ya siku 7 tangu mteja kutoa taarifa. Leo ni siku ya 25. Kwa muda wote huu nanunua barafu kwa jirani kwa shilingi 250 kila siku. Hizo sizidai kwa sasa, lakini naziandika daftarini.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili, ndani ya siku 14 kutoka tarehe ya barua hii: mniletee friza nyingine nzima hadi mlangoni kwangu na kuichukua hii kwa gharama yenu, au mnirudishie shilingi 41,100, yaani bei pamoja na usafiri. Kutengeneza nilikuwa tayari kukubali mwezi uliopita. Sasa sikubali.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Siku hizo zikipita nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani Kenya na kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Langu ni dogo sana humo, na daftari la barafu nitakwenda nalo.

Nimeambatisha nakala ya risiti, kadi ya waranti, picha za jumbe zote tatu zikionyesha tarehe, na tiki kwa zile za WhatsApp, na tangazo lenu.

Atakayeleta friza anipigie akishafika jeti ya Mokowe, nitamtuma kijana ampokee upande huu. Nambari yangu mnayo, ni ile mnayoitumia matangazo.

Wenu,
Bi. Zuhura, Mama Fadhila
Mteja