Faharasa ya Istilahi za Takwimu na Ujifunzaji wa Mashine

Faharasa hii ni ya wachambuzi wapya wa bei za mazao, ambao wengi wao walisomea takwimu kwa Kiingereza na sasa wanatakiwa kuwaeleza wakulima na madiwani matokeo yao kwa Kiswahili. Neno lililokwisha kuzoeleka shuleni hatukuligusa. Neno jipya tumelikubali pale tu linapofafanua dhana vizuri kuliko neno la mkopo. Mifano inatokana na bei 5 za ndoo ndogo ya nyanya, kwa shilingi: 3,000, 4,000, 4,000, 5,000 na 14,000, hii ya mwisho ikiwa ya siku ambayo mvua ilikata barabara.

Algoriti. Ni mfuatano wa hatua za kukokotoa jibu. Wanaolikataa kwa kuwa ni la kigeni wakumbuke kwamba asili yake ni jina la Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, hivyo hata Kiingereza kimelikopa.

Data. Mkopo usio na mshindani. Tunaandika "data hizi".

Kati. Ni thamani iliyo katikati baada ya bei kupangwa kwa ukubwa, yaani 4,000. Kwa kuwa neno hili pia ni kihusishi, katika sentensi ndefu andika "thamani ya kati".

Kukariri data. Ni kasoro ya modeli inayokisia vizuri mno bei ilizofunzwa nazo, kisha ikakosea bei mpya. Hapa neno la nyumbani linaushinda mkopo wowote, kwani kila aliyepita darasani anamjua mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Mkengeuko sanifu. Hupima jinsi thamani zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Kwa bei zetu 5 ni takriban shilingi 4,050. Istilahi ni nzito mdomoni, lakini kitenzi "kukengeuka" kinaibeba maana yenyewe.

Modeli. Ni kanuni ya kihisabati inayokisia thamani isiyojulikana. "Kielelezo" tumeliacha kwa sababu katika ripoti zetu tayari lina maana ya mchoro.

Sampuli. Ni sehemu ya kundi inayochunguzwa kwa niaba ya kundi zima.

Uhusiano wa kitakwimu. Ni kiwango ambacho vitu viwili hupanda au kushuka pamoja, kama mvua na bei. Baadhi ya waandishi husema "uwiano", neno ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi amelijua kama ulinganisho wa 2:3. Neno moja kubeba dhana mbili za hesabu ni kosa kubwa kuliko istilahi kuwa ndefu.

Uwezekano. Hupimwa kuanzia 0 hadi 1. "Uyamkini" ni sahihi, ila wasikilizaji wetu wachache wanalitumia.

Wastani. Ni jumla ya thamani kugawanywa kwa idadi yake: 30,000 kwa 5, yaani 6,000, bei ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kuitaja. Mitaani "wa wastani" ni mtu wa kawaida tu, kwa hiyo mbele ya wakulima itaje pia thamani ya kati.