Ombi la bei: kutafsiri mwongozo wa huduma kwa watoto njiti

Habari za kazi,

Naomba bei ya kutafsiri mwongozo kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili cha Tanzania. Una maneno 11,400 katika kurasa 46, faili la Word, pamoja na majedwali 6.

Mada ni huduma kwa watoto njiti: kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, kumlisha kwa kikombe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na dalili za hatari. Wasomaji ni wauguzi wa vituo vya afya vijijini Kigoma, nao watawasomea akina mama baadhi ya sehemu zake kwa sauti, hivyo lugha iwe nyepesi. Jedwali la mililita kwa uzito wa mtoto lazima lihakikiwe na mtu wa pili. Tarakimu moja ikikosewa hapo, mtoto anaumia. Tungependa mfasiri awe amewahi kufanya kazi za afya.

Tunahitaji kazi iliyokamilika ifikapo Ijumaa, 14 Novemba 2025. Mafunzo yanaanza tarehe 24, na lazima tuchapishe kwanza.

Tafadhali onyesheni bei kwa neno, gharama ya uhakiki na kodi. Nimeambatanisha kurasa 3 za mfano.

Wenu,
Mratibu wa Mafunzo, Kigoma