Hotuba ya Ufunguzi wa Wiki ya Habari: Wajibu wa Wanahabari Vijana

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wanahabari mliotoka vyumba vya habari vya hapa Mwanza, viongozi wa serikali ya wanafunzi, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi!

Naomba tuanze na hesabu ya kujumlisha. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Siku ile zilizunguka taarifa kwamba waliokufa ni 19 na waliookolewa ni 26. Jumlisheni. Ndiyo, 45. Baadaye ikaelezwa kwamba manusura walikuwa 24. Lakini kwa muda namba zote zilipita kwenye simu za watu kana kwamba hazigongani, na kila aliyezisambaza aliamini kuna mwenzake aliyekwisha kuzihakiki. Kwa familia iliyokuwa ufukweni ikisubiri, tofauti ya watu wawili si kosa la tarakimu.

Nimechagua mfano huo kwa sababu kugundua tatizo lile hakukuhitaji digrii wala kamera ya bei mbaya. Kulihitaji mtu wa kusimama dakika moja na kusema: ngoja, hizi namba hazikai.

Wenzangu, tuna kawaida ya kujificha nyuma ya neno "mimi bado mwanafunzi". Lakini ukurasa wa klabu yetu ya habari unasomwa kabla ya ubao wa matangazo. Mwenzetu akizimia darasani, kabla hajafika zahanati, kwenye magrupu ameshakufa, na mama yake huko Kahama anapigiwa simu za pole. Aliyeandika ile "RIP" hakuwa mhariri wa gazeti. Alikuwa mmoja wetu, tena huenda mwaka wa pili, aliyefaulu vizuri somo la maadili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo, inapozungumzia taarifa za uongo, haiulizi uko mwaka wa ngapi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo: piga simu. Anayetuhumiwa apigiwe na jibu lake liandikwe, hata kama linaharibu kichwa cha habari ulichokwisha kukipenda. Mtoto aliyefanyiwa ukatili asitajwe jina, wala shule, wala mtaa, wala baba yake, maana ukimtaja baba umeshamtaja mtoto. Na tukikosea, masahihisho yakae palepale kosa lilipokaa. Kufuta posti kimyakimya si kusahihisha.

La pili ni bahasha. Najua mmeshaanza kucheka. Tunaokwenda mafunzo kwa vitendo tunakutana nayo mapema: mkutano umekwisha, mnaitwa pembeni, mnasaini karatasi ya "nauli". Sitasimama hapa kuwahukumu watu wanaolipwa kwa habari moja moja, tena kwa kuchelewa. Wamiliki wa vyombo nao wana la kujibu, na kesho kwenye mdahalo tutawauliza. Lakini angalia kinachotokea ukishaipokea. Hakuna anayekuagiza uandike uongo. Unaanza tu kuliacha swali moja, lile gumu, kwa sababu mzee alikuwa muungwana. Habari ikitoka haina kosa hata moja, na haina kitu.

Ndiyo maana sitaki wiki hii igeuke somo la kuogopa. Kunyamaza nako ni kushindwa kazi. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini. Mwaka 2016 askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017. Watu hawa walikuwa mikoani, mbali na makao makuu ya vyombo vyao, wakifuatilia mambo ya watu wa kawaida. Anayetaka waandishi wafungwe mdomo hapewi silaha nzuri kuliko uvumi tuliousambaza sisi wenyewe.

Sisi hapa bado hatujatumwa Kibiti. Tuna bumu linalochelewa, tuna maji ya hosteli, tuna michango ambayo risiti zake hatuzioni. Uongozi wa wanafunzi ninaoutumikia nao uhojiwe, na nikikwepa swali, andikeni kwamba nimekwepa.

Ratiba iko mlangoni. Leo mchana ni uhakiki wa picha na video, njooni na simu zenye chaji. Kesho ni mdahalo na wahariri. Ijumaa tunatoa gazeti la ukutani, na kila habari itabandikwa pamoja na orodha ya waliopigiwa simu, isipokuwa wale tuliowaahidi kuwaficha.

Ndugu mgeni rasmi, vijana hawa wana maswali, na wameambiwa wasiyalainishe. Karibu sana jukwaani.