Mwongozo wa mshereheshaji: harusi ya Baraka na Kisakye, Mwanza

Jumamosi. Wageni 250, Waganda kama 60, meza za kushoto. Sitafsiri kila sentensi, maana nusu ya ukumbi itapoa ikisubiri zamu yake. Lugha moja inaanza, ya pili inaendeleza. Maneno ya Kiganda ni mafupi, ya kuitikia tu.

Saa 1:00 usiku, kukaribisha

(Dijei ashushe muziki kabla sijafungua mdomo. Nisisimame mbele ya spika, maiki itapiga mluzi.)

Hamjambo wapendwa! Bassebo ne bannyabo, tubaanirizza! Mliopita Mutukula mkaja mpaka Mwanza, mweebale kujja! Wenyeji, wapokeeni kwa vigelegele! Bannyabo, nammwe emizira!

(Sekunde 10. Vikikatika mapema nisikemee. Nigeukie meza ya mashangazi, hao hawahitaji kubembelezwa.)

Saa 1:20, maharusi

(Wapambe jozi 4 wameshapita. Mjumbe wa kamati mlangoni atawasha tochi mara 2, ndipo niite. Nikitangulia, watu watasimama wakitazama pazia, na shangwe itakuwa imekwisha maharusi wakitokea.)

Tuyimuke! Tusimame wote! Abagole batuuse! Kisakye, Waganda wanajua, ni neema ya Mungu. Basi leo Neema ameolewa na Baraka! Tukube mu ngalo! Makofi yasikatike mpaka wakae!

(Wameketi.) Mutuule, mweebale nnyo. Tukae, viti ni vyenu.

Saa 3:15, ngoma

(Baada ya chakula, sahani zimeondolewa. Wahudumu wasipite katikati na trei.)

Ssenga, muli ludda wa? Shangazi wa Kisakye, simama tukuone! Bila ssenga, Muganda haolewi tukakubali. Ssenga ndiye atufungulie uwanja. Dijei, ngoma ya Waganda, bakisimba! Mujje tuzine!

Akina mama wa upande wa Baraka, kanga kiunoni, mkaze fundo! Miguu ikanyage kidogo kidogo, mabega yatulie, kazi yote ifanywe na nyonga. Aliyeanza kurusha mabega, huyo amehamia ngoma nyingine, tutamsamehe!

(Dakika 4, zisizidi, kasi yake inachosha, na wakirudi vitini wakihema hawainuki tena. Dijei aunganishe kwaito bila kimya katikati.)

Sasa Waganda walipe deni! Wenyeji, pangeni mistari, mstari wa mbele uwe na wanaojua hatua. Baganda baffe, mugoberere! Ukikosea kugeuka, endelea kucheka, mstari utakupitia tena!

(Wazee bado wamekaa. Nishuke jukwaani, niwafuate na maiki isiyo na waya.)

Kampala ni ekkanzu, Mwanza ni kanzu, vazi lile lile! Bassebo, wenye kanzu wote, mbele! Baba mzazi wa Baraka, mkono kwa mkwe mwenzio! Emizira! Vigelegele! Dijei, ongeza!