Mpango wa Kampuni ya Kufunga Sola, Sengerema: Mwaka wa Kwanza

Mpango huu ni kwa wanahisa watatu na kwa SACCOS tunayoiomba mkopo wa shilingi milioni 30. Wanahisa wanaweka milioni 40 za kwao. Ofisi na stoo vitakuwa Sengerema mjini, na tutahudumia Sengerema na Buchosa, kikiwemo kisiwa cha Kome.

Tunamuuzia nani

Hatutauza taa za nyumba ndogo. REA imefikisha umeme vijijini na ada ya kuunganishwa kwa mteja wa kijijini ni shilingi 27,000. Mwenye nyumba ya vyumba viwili na nguzo mlangoni ana njia rahisi kuliko yetu, na tutamwambia hivyo. Mteja wetu ni yule anayepoteza fedha umeme ukikatika: mwenye mafriji ya samaki, duka la dawa, mashine ya kunyolea, nyumba ya wageni, shule ya bweni. Wengine ni wale walio mbali na laini, hasa kwenye kambi za uvuvi.

Tutakuwa na mifumo miwili tu. Wa kwanza, shilingi 4,100,000, una paneli mbili za wati 550, inveta ya kVA 3 na betri ya lithiamu ya volti 25.6, Ah 100. Wa pili, shilingi 10,400,000, una paneli sita, inveta hibridi ya kVA 5 na betri ya volti 51.2, Ah 100. Paneli sita ni kilowati 3.3. Kwa saa tano za jua kamili, na robo ikipotea kwenye joto, vumbi na nyaya, zinatoa takriban uniti 12 kwa siku. Mafriji mawili ya kugandishia na taa za duka hayafiki nusu ya hapo. Nusu nyingine ni akiba ya siku za mawingu, si ruhusa ya kuongeza pasi na jiko.

Pampu za kisima tutazipokea kwa oda, malipo kamili mkononi.

Vifaa vinatoka wapi

Wanahisa wawili walitaka tuagize kontena kutoka China. Mwaka huu hapana. Kontena linafunga fedha zote miezi kadhaa, na inveta ikifa hakuna wa kumshika. Tutanunua Dar es Salaam kwa wasambazaji wawili wenye barua ya uwakala kutoka kiwandani, wanaopokea waranti hapahapa nchini. Bei yao iko juu kidogo na tunaikubali. Mzigo utakuja kwa lori hadi Mwanza, kisha Sengerema kwa Daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025 hatuna tena hesabu ya paneli kukaa kwenye foleni ya kivuko.

Paneli ziwe na vyeti vya IEC 61215 na IEC 61730, inveta IEC 62109, betri za lithiamu IEC 62619. Cheti pekee hakitoshi, maana kibandiko kinaweza kuchapishwa popote. Kila shehena ikifika, fundi mkuu atatoa paneli mbili, aziweke juani saa sita na kuzipima. Paneli ya kweli ya wati 550 ina volti karibu 50 ikiwa wazi na ampea zinazokaribia 14 ikifungwa mzunguko. Ikisoma ampea 9 juani kweupe, hiyo si 550, hata ikiandikwa kwa dhahabu. Betri za maji na jeli hatuuzi, lakini wateja watatuletea za kwao, na hapo mzani unasema kweli: betri ya jeli ya volti 12, Ah 200 huwa na kilo 55 hadi 60. Ikija ya kilo 38, tutaikataa kwa maandishi na hatutaifunga.

Msamaha wa VAT unahusu vifaa mahsusi vya sola, si kila kitu kilichomo kwenye mzigo. Nyaya, vyuma vya kushikia paneli na swichi zitapigiwa bei pamoja na kodi yake, ili tusije tukapandisha bei baada ya kumpa mteja makadirio.

Mafundi

Tunaajiri watatu na vijana wawili wa kujifunza. Sifa ya kuanzia ni cheti cha umeme cha VETA, na fundi mkuu awe na leseni ya EWURA inayoruhusu kazi tunayofanya. Fundi wa umeme wa nyumba, hata awe hodari, ana mazoea yatakayomdhuru kwenye sola. Amezoea kwamba akizima meni swichi waya umekufa. Paneli haina meni swichi: jua likiwaka, waya una umeme. Paneli sita mfululizo ni volti karibu 300 za umeme mnyoofu, na cheche yake haizimiki yenyewe kama ya umeme wa TANESCO.

Kabla ya kwenda kwa mteja, kila fundi atapita mtihani wa vitendo stoo kwetu. Atabana konekta za MC4 kwa koleo lake maalumu, si kwa plaizi, na hatachanganya konekta za viwanda viwili hata kama zinaingiana. Nyingi zinazoungua juu ya paa ni hizo. Atapima ukinzani wa ardhi na kuendelea kuzika fimbo mpaka usome chini ya omu 10. Atapanda darini kabla ya kupanda juu. Papi zilizoliwa na mchwa hazionekani ukiwa juu ya bati, na paneli moja ina kilo 28. Paa likiwa bovu, tunajenga fremu ya chuma uani au tunaacha kazi. Paneli zitaangalia kaskazini kwa mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15. Kwa Sengerema, iliyo jirani na ikweta, mwinuko huo ni wa kusaidia mvua ioshe vumbi zaidi kuliko wa kulifuata jua.

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi. Kinga ya radi upande wa paneli na upande wa mafriji imo ndani ya bei, na mteja haruhusiwi kuiondoa ili apunguziwe.

Mshahara wa fundi ni 550,000 kwa mwezi. Posho ya kazi, 40,000 kwa mfumo mdogo na 80,000 kwa mkubwa, italipwa siku ya 90 ikiwa hakuna kosa la ufungaji lililorudi. Posho imo ndani ya gharama ya kazi iliyopigiwa bei kwa mteja. Tukilipa kwa idadi ya paa kwa wiki, tutapata paa nyingi na simu nyingi.

Waranti

Paneli zina waranti ya kiwanda miaka 12 kwa kifaa na 25 kwa uwezo wa kuzalisha, inveta na betri miaka 5. Hizo ni ahadi za kiwanda. Ya kwetu ni miaka 2 kwa kazi ya mikono: nyaya, konekta, fremu, ardhi, kuvuja kwa paa pale tulipotoboa.

Mteja hajui wala hahitaji kujua mpaka uko wapi. Friji likizima, anatupigia sisi. Inveta ikienda Dar na kurudi inaweza kuchukua wiki, na samaki hawangoji. Kwa hiyo tutaweka stoo inveta mbili na betri moja za kuazimisha, ambazo haziuzwi hata siku mteja akisimama mlangoni na fedha taslimu. Asilimia 3 ya kila mauzo itaingia akaunti ya pekee ya waranti: kwa mfumo mkubwa ni shilingi 312,000. Kuitoa kunahitaji saini mbili.

Kadi ya waranti itaandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ikiwa na namba za vifaa, picha ya paa na vipimo vya siku ya kukabidhi. Waranti inakufa inveta ikifunguliwa na fundi mwingine au mzigo ukiongezwa bila kutuuliza. Panya akikata waya, tunatengeneza kwa malipo.

Mteja analipaje

Kampuni haitakopesha. Biashara ya kukopesha ina sheria yake, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na leseni yake, na sisi ni mafundi. Mteja atatoa kianzio cha asilimia 40, na SACCOS itatulipa kilichobaki baada ya mteja kusaini kwamba mfumo unafanya kazi. Kwa mfumo mkubwa, kianzio ni 4,160,000 na mkopo ni 6,240,000 kwa miezi 12. Mteja akishindwa, tutanunua vifaa kutoka SACCOS kwa asilimia 60 ya deni lililobaki, mradi vipo na havijafunguliwa. Kwa kuwa tunabeba sehemu ya hasara, tutaacha kumfungia kila anayeomba.

Marejesho ya wafanyabiashara wa dagaa yasipangwe tarehe 30. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inakaa nchi kavu. Tunaiomba SACCOS iweke siku ya malipo mwanzoni mwa mbalamwezi, wakati mauzo ya giza yameshaingia mfukoni na wenyewe wapo nyumbani. Malipo ni kwa Lipa Namba ya SACCOS. Hakuna fundi wetu atakayepokea fedha mkononi.

Inveta zetu zinaweza kuzimwa kwa mbali mteja asipolipa. Hatutatumia uwezo huo kwa duka la dawa wala zahanati, na hilo limo kwenye mkataba.

Baada ya kufunga

Tutamtembelea mteja mwezi wa kwanza na wa sita bila malipo. Ziara ya kwanza ndiyo yenye faida: hapo utakuta mteja amechomeka friji la tatu, au amepanga magunia mbele ya feni ya inveta. Tutamfundisha kuosha paneli asubuhi kwa maji matupu. Wadudu wa ziwani wakija kwa wingi huganda kwenye kioo na kuziba feni, kwa hiyo walio ufukweni wataandikiwa ratiba yao.

Simu ya matengenezo itashikwa na mratibu, si fundi aliye juu ya bati. Tutafika ndani ya saa 48 bara na siku 4 Kome, kwa sababu ya kivuko cha Nyakaliro. Tukichelewa, ziara hiyo ni bure hata kama kosa ni la mteja. Kuanzia mwaka wa pili, mkataba wa huduma ni 120,000 kwa mwaka. Betri za zamani za risasi tutazikusanya na kuzipeleka kwa mwenye kibali cha kuzipokea.

Hesabu

Milioni 70 zitagawanywa hivi: vifaa vya kuuza 38, vya kuazimisha 6, zana na vipimo 8, bajaji ya mizigo 9, fedha ya kuzungusha 9.

Lengo ni mifumo midogo 30 na mikubwa 14, mauzo ya 268,600,000. Vifaa, usafiri wake na gharama ya kazi vinachukua asilimia 70, tunabaki na milioni 80.6. Mishahara na NSSF ni 34.3, pango 3, mafuta na matengenezo ya bajaji 9.6, leseni, bima na simu 5, mfuko wa waranti 8.1. Zinabaki takriban milioni 20.6, na marejesho ya mkopo wa miaka mitatu tumeyakadiria milioni 14.3 kwa mwaka wa kwanza.

Ni faida nyembamba. Chini ya mauzo ya milioni 245 hatuwezi kulipa mkopo kutokana na biashara, na tukiuza theluthi mbili tu ya lengo tunapata hasara kabla hata ya kuufikia. Kwa hiyo mauzo yakikaa chini ya milioni 16 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, wanahisa hawatachukua posho ya vikao na fundi wa tatu atahamia malipo ya kazi kwa kazi. Mfuko wa waranti na vifaa vya kuazimisha havitaguswa.

Tunaomba majibu matatu kutoka SACCOS kabla ya kuagiza mzigo wa kwanza: kama itakubali marejesho kwa kufuata giza, kama asilimia 60 ya kununua vifaa inatosha, na nani atasaini upande wake kwenye akaunti ya waranti.